"Mombasa na Elfu Tano" Ni Hesabu ya Mtu Mmoja. Familia Ianze na Nauli ya Kurudi

Wasee, mmeona zile video. Msee mmoja na begi mgongoni anapanda basi ya usiku, anakula smoki na mayai pasua njiani, analala kwa kochi ya rafiki yake, halafu anakuambia Mombasa ni elfu tano tu, wacheni visingizio. Sina ubishi naye, kwake inawezekana. Lakini sisi tunaotoka Roret hatuendangi Mombasa hivyo. Tunaenda na Mama, na Baba, na watoto wawili wanaouliza maji kila baada ya nusu saa, na begi moja la chai na mahindi ya kupelekea wenyeji.

Na hapo usidhani unazidisha tu elfu tano mara tano. Hesabu yenyewe inabadilika tabia. Msee mmoja akikosa gari anakaa kwa benchi mpaka asubuhi, hasara yake ni usingizi. Familia ikikosa gari inalipa vyumba viwili, chajio na kiamshakinywa, na kesho inalipa nauli ya bei ya kesho.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na niko tayari kuyatetea: pesa ya safari ya familia haimalizwi na basi. Inamalizwa pale basi moja imekuacha na nyingine haijakubeba. Ukipanga bajeti kwa mafungu ya kawaida tu, yaani nauli, chakula na malazi, hizo nafasi za katikati hazionekani popote kwenye karatasi, na ndizo zinakula doo.

Wacha nionyeshe na safari yetu. Mama alikuwa hajamwona dada yake wa Likoni kwa miaka sita. Kila mwaka ilikuwa "mwaka ujao". Sisi ni watu wa majani chai, kwa hivyo pesa kubwa kwetu inaingia mara moja kwa mwaka, bonasi ya Oktoba. Pesa ya kila mwezi ni ya unga na stima. Na bonasi ina wenyewe wakiwa wamepanga foleni: karo ya Januari, mbolea, deni la duka. Baba alisema tutaenda kwa sharti moja: pesa ya karo itolewe kwanza, isiguswe, halafu mimi nimuandikie safari nzima kwa karatasi mpaka shilingi ya mwisho. Kama karatasi haingii kwa kilichobaki, hakuna safari.

Nikaanza na tarehe, kwa sababu tarehe ndiyo inaamua nauli.

Hapa Kenya serikali haipangi nauli ya matatu wala ya basi. Sako au kampuni inapanga yenyewe, na Desemba inapanga kulingana na watu wamejazana wapi. Kabla ya Krismasi Nairobi nzima inataka kwenda mashambani. Gari linatoka Nairobi limejaa, linarudi Nairobi viti vikiwa wazi, kwa hivyo abiria wa kuja huku ndiye analipia safari mbili. Baada ya Mwaka Mpya inageuka, kila mtu anarudi mjini kabla shule zifunguliwe, na sasa anayetoka Kericho au Bomet ndiye anaumia.

Hii ni habari njema kwa mtu wa Roret, ukiisoma vizuri. Sisi tunaenda kinyume na umati. Kutoka huku kwenda Nairobi mapema Desemba ni rahisi, wakati mwingine makanga ndiye anakubembeleza. Hatari yetu iko kwenye kurudi, kwa sababu tukirudi tunaingia kwenye ule umati. Mama alikuwa amependekeza turudi tarehe 22. Nikamwonyesha kwamba tarehe 22 tungekuwa Nairobi, watu watano na mabegi, tukigombania gari na kila Mkipsigis aliyeajiriwa mjini. Tukakubaliana: tunatoka tarehe 9, tunarudi tarehe 16. Hiyo peke yake iliokoa pesa kuliko mbinu nyingine yoyote nitakayowaambia.

Sasa nauli. Bei nitakazotaja ni zile tulizoulizia sisi kwa simu na kwa steji, kwa hivyo weka zako mahali pa zangu. Roret hadi Litein shilingi 100. Litein hadi Nairobi 1,200. Nairobi hadi Mombasa 1,500. Jumla kwa kila mtu ni 2,800, na kwa watu watano ni 14,000 kwenda.

Mstari wa kwanza kabisa kwenye karatasi yangu, juu ya kila kitu, ulikuwa 14,000 ya kurudi. Iliandikwa kabla ya ile ya kwenda, na ilitengwa kabla ya kulipa kitu kingine chochote. Sababu ni rahisi. Nauli ya kwenda hutakosa kuilipa, maana bila hiyo hamjatoka nyumbani. Nauli ya kurudi ndiyo watu huila polepole bila kujua, soda hapa, kuogelea pale, kisha siku ya mwisho mtu mzima na heshima zake anaanza kupigia shemeji simu, "nitumie kitu kidogo nitarudisha."

Kuna swali la mtoto. Mdogo wetu ana miaka 7, na kila mara kuna mtu atasema "mpakate, uokoe nauli." Litein kutoka Roret, sawa, ni mwendo mfupi. Lakini Nairobi hadi Mombasa ni kilomita karibu 480, usiku kucha. Mtoto wa miaka saba kwa mapaja hana mkanda, na Mama hatalala. Tulilipa viti vitano. Kama bajeti yako inasimama tu mtoto akipakatwa, bajeti hiyo haijasimama.

Halafu ukishajua nauli, tenganisha zile unazoweza kufunga mapema na zile huwezi. Basi ya Nairobi–Mombasa unanunua tiketi ya kwenda na ya kurudi wiki kadhaa kabla, bei inabaki ile ile. Matatu ya Nairobi–Litein huwa inajaza na kuondoka, na bei ni ya siku hiyo. Kwa hivyo tulifunga ya basi, zote mbili, mwezi wa Novemba. Ile ya Litein ikabaki wazi, na nikaiwekea alama nyekundu. Kumbuka hiyo alama, nitairudia kwenye akiba.

Tuje kwenye hizo nafasi za katikati. Watu huniuliza: basi ya mchana ama ya usiku? Wengi hujibu haraka, "usiku, unaokoa lojing." Jibu langu ni kwamba inategemea unashuka ukiingia wapi.

Ukitoka Roret saa kumi na mbili asubuhi, mambo yakienda sawa uko Nairobi saa nane mchana. Basi ya usiku inatoka saa tatu. Masaa saba ya kukaa na watoto na mabegi karibu na River Road. Inaonekana ni hasara, lakini mimi niliyaacha makusudi. Barabara ya Nakuru hadi Nairobi mwezi wa Desemba inaweza kushikana masaa mawili au matatu bila onyo. Ukikata tiketi ya saa kumi jioni ndiyo usingoje, na jam ikukute Gilgil, umepoteza tiketi tano. Masaa saba yaligharimu chakula cha mchana, kuwekewa mabegi na choo. Hiyo ni bei ndogo ya kuhakikisha 7,500 haipotei.

Upande wa pili, basi inafika Mombasa alfajiri. Kama mnaenda gesti, mmefika saa kumi na mbili na chumba kinafunguliwa saa sita. Masaa sita mengine, watoto wamechoka, mnanunua chai na mahamri mara mbili, na pengine mnaishia kulipia chumba nusu siku. Ile lojing uliyookoa imerudi kwa mlango wa nyuma. Lakini kama unashuka na kuingia kwa shangazi, hakuna pengo. Tulishuka Mwembe Tayari, tukachukua tuktuk hadi feri, tukavuka kwa miguu, ambayo ni bure, na saa mbili tulikuwa tunakunywa chai. Ndiyo maana siku za kwanza ziliwekwa kwa shangazi na gesti ikaja baadaye.

Kurudi ni hivyo hivyo. Basi ya mchana kutoka Mombasa inakushusha Nairobi jioni, na magari ya Litein mengi yameshaondoka. Utalala Nairobi utake usitake, vyumba viwili, elfu tatu. Basi ya usiku inakushusha asubuhi, wakati magari ya Litein ndiyo yanapakia. Unatoka kwa moja unaingia kwa nyingine. Baba hakupenda usiku, na hofu yake ina msingi. Tukakubaliana kuuliza ofisini, kabla ya kulipa, kama basi ina madereva wawili. Kampuni iliyojibu kwa kuzunguka tuliiacha.

Malazi sasa. Tulikaa kwa shangazi siku tatu, tarehe 10, 11 na 12. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na nyumba yake ina vyumba viwili. Siku hizo zilichaguliwa kwa sababu ya Jamhuri, tarehe 12, wakati gesti za Pwani zinajaa. Tarehe 13 na 14 tukahamia gesti, vyumba viwili kwa 1,500 kila kimoja, jumla 6,000. Tarehe 15 tulitakiwa kutoka chumbani saa nne asubuhi na basi ni saa tatu usiku. Pengo lingine hilo. Kabla ya kulipa niliuliza swali moja: "Mtatuwekea mabegi mpaka jioni?" Wakakubali, bure. Uliza kabla ya kulipa, maana ukishalipa huna nguvu ya kuomba.

Na tafadhali, kwa shangazi si bure. Hapa ndipo vijana tunaharibu hesabu, tunaandika sifuri. Familia ya watu watano ikiingia kwa nyumba ya mtu, gesi inaisha, maji ya mtungi yananunuliwa, unga unaisha. Tuliandika 3,500 ya kununua vitu vya jikoni siku hizo tatu, na tukabeba majani chai na mursik kutoka nyumbani. Shangazi angekataa pesa mkononi. Mama akienda naye sokoni akalipa, hapo hakuna aliyeaibika.

Chakula kingine nilikihesabu kwa kichwa kwa siku: chai ya asubuhi 100, mchana 250, jioni 200. Hiyo ni 550, mara watu watano ni 2,750 kwa siku. Siku tatu za gesti ni 8,250. Siku ya kwenda tuliweka 2,250, na usiku wa kurudi pamoja na asubuhi yake 1,000. Tulibeba chapo, mayai na thamosi mbili za chai kutoka nyumbani kwa sababu basi husimama Mtito Andei usiku wa manane, na saa hiyo kila kitu kina bei ya mtu asiye na pengine pa kwenda. Ukijumlisha na zile 3,500 za kwa shangazi, chakula chote kikawa 15,000.

Baada ya hapo kuna vile vidogo ambavyo hakuna mtu huandika: tuktuk, matatu za kuzunguka Mombasa, choo, maji, kuwekewa mabegi. Hivyo vilikuwa 4,500. Starehe tuliweka 3,000, kiasi hicho tu, kwa sababu ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta hauna kiingilio na bahari ndiyo watoto walikuwa wanataka.

Kwa hivyo karatasi ilisoma hivi:

Nauli ya kurudi: 14,000
Nauli ya kwenda: 14,000
Chakula: 15,000
Malazi: 6,000
Vidogo vya njiani: 4,500
Starehe: 3,000
Jumla: 56,500

Sasa akiba ya dharura, na hapa ndipo sikubaliani na karibu kila mtu anayefundisha bajeti mtandaoni. Watasema "ongeza asilimia kumi." Asilimia kumi ya 56,500 ni 5,650. Swali langu: inalipia nini? Asilimia ni nambari iliyotokana na bajeti yako, haijatokana na shida yoyote. Ukibana matumizi, akiba nayo inapungua, na shida haipungui pamoja nayo.

Mimi nilikaa nikajiuliza ni kitu gani kibaya, cha kawaida, kinaweza kutukuta tukiwa mbali zaidi na nyumbani. Jibu ni kukwama siku moja Mombasa. Mtoto ameugua, au basi imeharibika, au tumeambiwa tungoje kesho. Siku hiyo moja ina bei: vyumba viwili 3,000 na chakula 2,750. Na tukirudi tumechelewa, nauli imepanda. Nikaweka nyongeza ya 500 kwa kila kiti kwa zile safari mbili ndefu, yaani 5,000. Jumla 10,750, nikaandika 11,000. Karibu mara mbili ya ile asilimia kumi. Ukiwa na 5,650 na siku hiyo ikufikie, unalala salama na asubuhi huna cha kuongeza kwa nauli.

Karatasi yote ikawa 67,500. Baba aliisoma mara mbili, akauliza juu ya choo, akacheka, akakubali.

Akiba haikukaa pamoja na pesa nyingine. Baba ndiye alikuwa analipa kila kitu, kwa hivyo 11,000 ilikaa kwa simu ya Mama, na nauli ya kurudi ya Nairobi hadi Roret pia ikakaa huko. Anayelipa kila saa hapaswi kuona akiba kwenye salio lake, kwa sababu macho yakiiona itahesabiwa kuwa pesa ya kutumia. Na simu moja ikiibiwa stendi, familia bado inafika nyumbani. Tulikubaliana pia ni nini kinaitwa dharura: ugonjwa, gari na mahali pa kulala. Kuendesha ngamia ufuoni hakumo, hata mdogo wetu alie namna gani. Na alilia.

Ilikuwaje mwishowe? Ile alama nyekundu ilifanya kazi yake. Asubuhi ya tarehe 16 Nairobi, matatu ya Litein ilikuwa imetoka 1,200 ikaenda 1,500. Hakuna aliyebishana, Mama alitoa 1,500 ya juu kwa akiba, tukapanda gari la kwanza. Kabla ya hapo, dawa ya tumbo ya mtoto ilikula 800. Jumla ya dharura ni 2,300. Zile 8,700 zilizobaki ziliingia kwa sare na vitabu vya Januari.

Najua mtu atasema 67,500 ni pesa nyingi kwa familia ya majani chai. Ni nyingi kweli. Na ndiyo maana nakataa ile lugha ya "elfu tano tu." Inamfanya mzazi ajione bahili akikataa safari, na inamfanya kijana amshawishi mzazi atoke na pesa isiyotosha kurudi. Kama karatasi yenu haiingii, punguzeni siku, au endeni karibu. Nakuru na Kisumu ziko safari ya gari moja au mawili kutoka Litein, na kila gari unaloondoa kwenye safari linaondoka na pengo lake. Lakini msipunguze mstari wa kwanza wala wa mwisho. Nauli ya kurudi na ile siku moja ya kukwama ndivyo vinavyofanya safari ya familia ibaki safari, isigeuke mchango wa ukoo kwenye WhatsApp.